Damu Irudi Moyoni: Mazoezi, Kazi na Safari za Mjamzito

Kliniki nyingi za wajawazito nchini Tanzania hufungua siku kwa somo. Kina mama wakiwa kwenye mabenchi, kadi mkononi, kabla ya kupimwa uzito na presha, muuguzi mkunga husimama mbele yao na kuzungumza nao. Leo huwa ni lishe, siku nyingine malaria, siku nyingine dalili za hatari. Somo la mazoezi, kazi na safari ndilo linalogusa kila aliyeketi pale, maana kila mmoja ana ndoo ya kubeba, shamba la kupalilia au safari ya kwenda kwao kujifungua. Maswali huwa ya kila namna, lakini majibu karibu yote yana mzizi mmoja: namna damu ya mjamzito inavyoshuka miguuni na inavyopanda kurudi moyoni.

Katika ujauzito damu huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi cha kawaida. Moyo hufanya kazi zaidi ili kuisukuma, kwa kuwa sasa inalisha mama na mtoto. Kushuka miguuni si tatizo, moyo unasukuma. Kurudi ndiko kugumu. Mishipa inayorudisha damu haina moyo wa kuisukuma kutoka chini. Inategemea misuli ya miguu, hasa ile ya shavu la mguu. Kila hatua mtu anayopiga, misuli hiyo hujikaza na kuikamua mishipa, damu ikapanda. Anaposimama au kukaa muda mrefu bila kusogea, ukamuaji huo hukoma na damu hutuama miguuni.

Kwa mjamzito mambo mawili huongezeka juu ya hapo. Kwanza, mji wa mimba unavyokua hukandamiza mshipa mkubwa unaopandisha damu moyoni, ambao hupita nyuma ya tumbo, kuliani kwa uti wa mgongo. Pili, damu yenyewe huwa nyepesi kuganda kuliko zamani. Mwili hujiandaa hivyo ili mama asipoteze damu nyingi wakati wa kujifungua, lakini damu inayoganda upesi, tena ikiwa imetuama, inaweza kufanya bonge ndani ya mshipa wa mguu. Mama akishayaelewa mambo haya mawili, mengi ya yanayosemwa kliniki huacha kuwa amri za kukariri.

Ndiyo maana mjamzito mwenye afya haambiwi akae kitako miezi tisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mjamzito asiye na kizuizi cha kiafya afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Kwa hesabu rahisi ni kutembea nusu saa kwa siku, siku tano za wiki. Aliyekuwa hafanyi mazoezi kabla ya kushika mimba aanze na dakika 10, aongeze kidogo kidogo. Aliyezoea kukimbia au kucheza netiboli hahitaji kuacha kila kitu siku kipimo kinapoonyesha mimba, ila michezo ya kugongana na ile ya kuangusha mtu aiweke kando, kwa sababu pigo la tumboni linaweza kuachanisha kondo la nyuma na ukuta wa mji wa mimba.

Kipimo cha mazoezi ya wastani hakihitaji saa wala mashine. Mama anapotembea awe anaweza kuzungumza sentensi nzima na mwenzake, lakini akijaribu kuimba pumzi imkatike. Akiweza kuimba beti nzima, anatembea polepole mno. Akishindwa hata kuzungumza, amepitiliza na apunguze mwendo. Kipimo hiki ni bora kuliko kuhesabu mapigo ya moyo, kwani moyo wa mjamzito huenda mbio zaidi hata akiwa amepumzika.

Joto nalo lina sehemu yake. Mwili unaofanya mazoezi hupoa kwa jasho na kwa damu inayopelekwa kwenye ngozi. Penye joto kali na unyevu mwingi, kama Tanga au Dar es Salaam mwezi wa Februari, jasho halikauki na mwili haupoi. Saa ya kutembea huko ni saa 12 asubuhi au jua linapozama, na maji yanywewe kabla na baada. Mama wa Lushoto au Mbeya ana nafasi pana zaidi ya kuchagua saa.

Zoezi moja halitaki kutoka nyumbani wala kubadili nguo, nalo ni la misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobeba kibofu, mji wa mimba na njia ya haja kubwa. Uzito wa mtoto huilegeza, ndiyo maana wanawake wengi huvuja mkojo wanapokohoa au kucheka, wengine hata miaka baada ya kujifungua. Mama akiwa ameketi, aivute misuli hiyo kwenda juu kana kwamba anazuia mkojo na upepo kwa wakati mmoja, ahesabu moja hadi tano huku akipumua kama kawaida, kisha aiachie kabisa. Arudie mara 8 hadi 10, na afanye hivyo mara tatu kwa siku. Tumbo na makalio yasikazwe. Kosa la kawaida ni kulifanya zoezi lenyewe wakati wa kukojoa. Huko ni kukizoesha kibofu kubakiza mkojo.

Wapo wasiotakiwa kufanya mazoezi mpaka daktari au mkunga aseme. Mwenye damu inayotoka ukeni, aliyepasuka chupa, ambaye kondo la nyuma limeziba njia ya mtoto, ambaye mlango wa kizazi umelegea au umeshonwa, mwenye presha ya juu iliyoambatana na protini kwenye mkojo, na mwenye upungufu mkubwa wa damu. Huyu wa mwisho ndiye anayesahaulika kirahisi. Wingi wa damu unaoandikwa kwenye kadi ukiwa chini ya gramu 11, mama ana upungufu. Ukishuka chini ya 7, upungufu ni mkubwa na moyo wake tayari unafanya kazi ya ziada hata akiwa amelala. Mama kama huyo akiambiwa tu kuwa mazoezi ni mazuri, amepotoshwa. Anahitaji kutibiwa kwanza.

Baada ya mazoezi huja kazi, na kwa wanawake wengi kazi ndiyo mazoezi. Kufagia, kupika, kufua na kwenda sokoni si hatari kwa mjamzito mwenye afya. Yenye kuhitaji kubadilishwa ni kazi za aina tatu: kubeba mizigo mizito, kuinama muda mrefu na kusimama muda mrefu.

Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, mbali na uzito wa ndoo. Hatari yake haiko tu kwenye uzito. Homoni za ujauzito hulegeza maungio, hasa ya nyonga na kiuno, na tumbo linalokua huvuta mwili mbele, hivyo mizani aliyoizoea mama tangu utotoni inakuwa imebadilika. Mwanamke aliyebeba ndoo kichwani miaka 15 bila kumwaga tone anaweza kuteleza mwezi wa saba wa mimba penye tope lile lile la siku zote. Njia salama ni kugawa: madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, na safari mbili badala ya moja. Anaponyanyua, miguu iwe imeachana, apige magoti badala ya kukunja mgongo, mzigo uwe karibu na mwili, na atoe pumzi wakati anainuka. Akilazimika kubana pumzi ndipo aweze kuinua kitu, kitu hicho ni cha mtu mwingine kubeba. Na hapa mume, wifi na vijana wa nyumbani wanahusika moja kwa moja. Si haki somo la kliniki limwelemee mama peke yake wakati ndoo ni ya nyumba nzima.

Kulima kwa jembe la mkono na kufua kwenye beseni lililo chini hukunja kiuno kwa saa nyingi. Beseni likiwekwa juu ya stuli au ukingo, mgongo hunyooka. Shambani, palizi ikikatwa vipande vya nusu saa na mapumziko kivulini katikati, mgongo hupona na mwili hupoa. Anayesimama kutwa, kama mwalimu, muuza duka au mpishi wa mama lishe, aweke kigoda kidogo cha kupandisha mguu mmoja kwa zamu, na kila baada ya muda apande na kushuka kwenye ncha za vidole mara kumi. Hiyo ndiyo misuli ya shavu la mguu ikiendelea kukamua damu. Jikoni ni afadhali kuketi, tena penye hewa, kwa sababu moshi wa kuni na mkaa hupunguza oksijeni katika damu ya mama na ya mtoto.

Kulala nako kuna namna yake. Mama akilala chali mimba ikiwa kubwa, mji wa mimba huukalia ule mshipa mkubwa, damu inayofika moyoni hupungua, naye huanza kuhisi kizunguzungu, jasho jembamba na kichefuchefu. Akigeuka ubavu, dalili huondoka baada ya muda mfupi. Kuanzia wiki ya 28 inashauriwa kuanza usingizi kwa ubavu, usiku na hata mchana, kwani kulala chali miezi ya mwisho kumehusishwa na watoto kufia tumboni. Ubavu wa kushoto huuacha mshipa wazi zaidi, lakini wa kulia pia unafaa. Mto katikati ya magoti husaidia kiuno. Mama akiamka usiku na kujikuta chali asishtuke wala kujilaumu. Ageuke tu aendelee kulala. Kwa sababu hiyo hiyo, mazoezi ya kulala chali huachwa mimba inapovuka miezi minne.

Safari ni sehemu inayotaka hesabu. Wanawake wengi wa Tanzania hurudi kwa mama zao kujifungua, hasa mtoto wa kwanza, na umbali ni mkubwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwenye basi, jambo linalowaumiza wajawazito huanza hata kabla ya gari kuondoka: mama hukataa kunywa maji ili asiombe basi lisimame achimbe dawa. Kufika jioni amekauka, damu imekuwa nzito, mkojo ameubana kutwa, na miguu imevimba hadi viatu havivuliki. Damu nzito, isiyotembea, inayoganda upesi: hayo ndiyo mazingira ya bonge la damu, na mkojo uliobanwa hualika maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo yanaweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Mama anayesafiri kwa basi achague kiti cha mbele, upande wa njia, amweleze kondakta mapema kuwa atahitaji kushuka, na anywe maji. Mkanda upite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, kamwe usipite katikati ya tumbo. Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, imerahisisha kipande hicho cha njia, kwa sababu ndani yake mama anaweza kuinuka, kutembea na kwenda msalani.

Ndege hupunguza saa 18 au zaidi za barabarani kuwa saa moja na nusu hivi, na kwa mimba isiyo na matatizo haina madhara kwa mtoto. Hofu kubwa ya wengi ni hewa ya angani. Ndani ya ndege kubwa hewa husukumwa ili ifanane na ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000, na wanawake wa huko wanabeba mimba na kujifungua miaka yote. Zaidi ya hapo, damu ya mtoto aliye tumboni ina uwezo wa kushika oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama, hivyo upungufu mdogo wa hewa haumfikii kirahisi. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, selimundu au ugonjwa wa moyo au mapafu ni suala tofauti, na lazima aonane na daktari kabla ya kukata tiketi. Lango la ukaguzi ambalo abiria hupita uwanjani halitumii eksirei. Mashine ya eksirei ni ile ya mizigo.

Mipaka ya ndege haikuwekwa kwa hofu ya hewa. Iliwekwa kwa hofu ya uchungu kuanza angani, pasipo mkunga wala chumba cha upasuaji. Mashirika mengi huomba barua ya daktari au mkunga kuanzia wiki ya 28, na hukataa abiria mwenye mimba ya mtoto mmoja akifikisha wiki 36. Kwa mapacha, ambao huwahi kuzaliwa, mpaka wa kawaida ni wiki 32. Kila shirika lina masharti yake, na yafaa kuulizwa kabla ya kulipa.

Wanaokosea wengi hukosea kwenye hesabu ya kurudi. Mfano ni mama wa Dar es Salaam ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 3 Juni. Tarehe ya matazamio hupatikana kwa kuongeza siku 7 na miezi 9, nayo ni 10 Machi, ndipo mimba inapofikisha wiki 40. Kurudi nyuma wiki nne kunaleta wiki ya 36, tarehe 10 Februari. Kurudi nyuma wiki kumi na mbili kunaleta wiki ya 28, tarehe 16 Disemba. Mama huyu ana harusi ya mdogo wake Mwanza, na amepanga kuondoka tarehe 3 Februari na kurejea tarehe 14. Kwenda hana tatizo, atakuwa na wiki 35 kamili na barua yake mkononi. Kurudi atakuwa na wiki 36 na siku 4. Kaunta ya Mwanza itamkatalia, na itabaki basi la kilomita 1,100 katika mwezi wa mwisho, au kujifungulia asikopanga. Anazo njia mbili zinazofaa: kurejea siku chache kabla ya tarehe 10, au kwenda mapema, tuseme tarehe 20 Januari akiwa na wiki 33, abaki kwa mama yake hadi ajifungue na ahudhurie kliniki ya huko. Akichagua njia ya pili, nakala ya kumbukumbu zake zote iwe ndani ya kadi: kundi la damu, presha, wingi wa damu, majibu ya vipimo na dozi za SP alizokwishameza. Barua ya mkunga itaje umri wa mimba, tarehe ya matazamio, kwamba ni mtoto mmoja na kwamba hana tatizo la kiafya, na iandikwe siku chache kabla ya safari, kwani barua ya mwezi uliopita inaweza kukataliwa. Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi, kwa hiyo chandarua kiende naye.

Ndani ya ndege kiti cha upande wa njia humruhusu kuinuka. Kwa safari ya saa moja na nusu inatosha kukunja na kukunjua nyayo mara kwa mara na kunywa maji. Safari inayozidi saa nne, kama ya Muscat au Dubai, inataka zaidi: kuinuka na kutembea kila baada ya saa moja hivi, na soksi za kubana zinazofika chini ya goti, zilizopimwa ziendane na mguu. Aliyewahi kupata bonge la damu, yeye au ndugu wa karibu, huenda akahitaji sindano ya kuzuia damu kuganda, na hilo huamuliwa na daktari. Mkadi na tiketi visipakiwe kwenye sanduku la chini. Kadi ya kliniki ikae kwenye mkoba wa mkononi.

Kuvimba miguu yote miwili jioni, kunakopungua asubuhi, ni kawaida ya ujauzito. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, shavu la mguu likauma na ngozi ikawa ya moto, hasa ndani ya wiki chache baada ya safari ndefu, hilo linaweza kuwa bonge la damu. Usiukande kwa maji ya moto wala kuuchua. Kuuchua kunaweza kulibandua bonge likapanda hadi kwenye mapafu, na hapo mama hubanwa kifua na kukosa pumzi ghafla. Iwe ni mguu wa namna hiyo, damu au maji yanayotoka ukeni, maumivu ya kifua, kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, tumbo linalobana na kuachia kwa mpangilio, au mtoto aliyepunguza kucheza, mama aache anachokifanya aende kituo cha afya saa hiyo hiyo, awe nyumbani au safarini, bila kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.